Maswali mnayoniuliza kila siku: kupokea wageni wa siku chache kwenye chumba cha ziada cha fleti (Upanga, Dar)

Mi naishi Upanga na mama yangu na binti yangu wa miaka tisa, fleti ya vyumba vitatu ghorofa ya tatu, jengo la zamani, lifti hakuna. Chumba cha tatu kilikuwa kinakaa mabegi na cherehani mbovu, ndo nikakisafisha nikaanza kupokea wageni. Watu wananiuliza maswali yaleyale kwa hiyo nimeyaweka sehemu moja. Naongelea chumba ndani ya nyumba unayoishi wewe mwenyewe, siyo fleti nzima ya kuachia wageni funguo, hiyo ni biashara nyingine na hesabu zake nyingine.

Nani anakuja kulala kwenye chumba cha mtu wakati gesti ziko tele mjini?

Ukiwa na picha ya mzungu mwenye begi mgongoni utakaa unasubiri. Wapo, wanakuja kabla ya kupanda boti ya Zanzibar, usiku mmoja au miwili, lakini kwa Upanga mgeni wa kweli ni ndugu wa mgonjwa. Muhimbili ipo hapahapa, na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ipo ndani ya eneo hilohilo, watu wanatoka Mbeya, Mtwara, Kigoma, wengine wanatoka Komoro kabisa, wamemleta mgonjwa na wao hawana pa kulala. Kwenda kulala kwa shangazi Mbagala ina maana daladala mbili asubuhi mbili jioni, na mtu wa kupeleka uji wodini hawezi hayo.

Huyu mgeni haulizi sana kuhusu waifai. Anauliza vitu vitatu: nitatembea dakika ngapi mpaka getini hospitali, jiko naruhusiwa kutumia saa ngapi, na nikiongezewa siku itakuwaje. Ukiwa na majibu ya hayo matatu chumba chako hakilali tupu sana. Eneo lako likiwa tofauti, mfano uko karibu na chuo au karibu na stendi ya Magufuli kule Mbezi, basi kaa chini ujiulize huyo wa kwako anahitaji nini, usinakili wa kwangu.

Nimepanga, siyo nyumba yangu. Naweza?

Soma mkataba wako kwanza. Mikataba mingi ina kile kipengele cha kutopangisha mtu mwingine bila ruhusa ya maandishi, na mwenye nyumba akikukuta ana haki ya kukutoa, sasa utakuwa umepoteza nyumba kwa ajili ya chumba. Muombe, mpe sababu, mwambie unabaki unaishi humohumo, wengi wanakubali ukiwaongezea kidogo kwenye kodi. Ila iandikwe, hata karatasi moja yenye saini zenu wote wawili.

Ukiwa umenunua fleti bado hujamaliza. Majengo yaliyosajiliwa chini ya ile Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008 yana chama cha wamiliki na kanuni zake, na kanuni zinaweza kusema mambo kuhusu biashara ndani ya jengo. Ziombe kwa mwenyekiti wa jengo uzisome mwenyewe, usikubali kuambiwa tu mdomoni.

Halafu serikali ya mtaa. Nenda ukajitambulishe kwa mwenyekiti na mjumbe, uwaambie napokea wageni na daftari ninalo. Na TRA uwe na TIN, na uulize manispaa leseni inayokuhusu, maana hela ikianza kuingia benki kila mwezi utaulizwa inatoka wapi, ni heri uulizwe ukiwa na karatasi.

Nianze na bei gani?

Hapa ndo watu wengi wanakosea kwa sababu wanaangalia jirani anatoza ngapi halafu wanashusha elfu tano. Mi nakuonyesha hesabu yangu yote, badilisha namba uweke zako.

Kuna gharama ya kila mgeni mpya na kuna gharama ya kila usiku, usizichanganye. Mgeni mpya akiingia namlipa dada wa usafi na dobi la mashuka, jumla 8,000, haijalishi atalala usiku mmoja au mitatu. Kila usiku sasa: umeme wa kiyoyozi kama uniti 5, ambazo ni kama 1,800, chai na sabuni na maji 3,000, na 2,000 naweka pembeni kwa ajili ya kuchakaa, mashuka yanapauka, taulo zinaibiwa, godoro linabonyea. Hiyo ni 6,800 kwa usiku. Juu yake kuna makato ya jukwaa unalotangazia chumba, kama Airbnb, yanatofautiana na yanabadilika, mi hesabuni naweka asilimia 15 nisije nikajidanganya.

Sasa chukua mtu aliyeweka bei 20,000 ili ajaze haraka, mgeni akaja kulala usiku mmoja. Jukwaa 3,000, usafi 8,000, usiku 6,800, jumla 17,800. Kimebaki 2,200. Umefua, umeamka saa tisa usiku kumfungulia mlango, umekaa na mtu usiyemjua sebuleni kwako, kwa elfu mbili na mia mbili.

Mimi usiku ni 45,000. Mwezi wa kawaida wa wapita njia napata kama usiku 14 kwa makundi saba ya siku mbilimbili. Inaingia 630,000, jukwaa linachukua 94,500, usafi mara saba 56,000, gharama za usiku 95,200, na 20,000 nachangia jengo (nitaeleza huko chini kwa majirani). Inabaki 364,300.

Mwezi mwingine nikapata familia mbili tu za hospitali, moja siku 12 moja siku 8, nikawafanyia 35,000 kwa sababu ni wa muda mrefu. Inaingia 700,000, jukwaa 105,000, usafi mara nne maana nabadilisha mashuka katikati 32,000, gharama za usiku 136,000, jengo 20,000. Inabaki 407,000. Yaani bei iko chini kwa elfu kumi na nimebaki na zaidi ya elfu arobaini juu, na mlango wangu umegongwa na wageni wapya mara mbili badala ya mara saba. Ndo maana nasema punguzo la wiki siyo huruma, ni hesabu.

Na uwe mkweli na upande wa pili. Chumba hichohicho mwanafunzi au mfanyakazi angenilipa 250,000 kwa mwezi bila mimi kufua hata foronya. Kwa bei ya 45,000 na wageni wa siku mbilimbili nahitaji usiku 10 ili nifikie hapo. Mwezi nikipata usiku 8 nabaki na 199,600, nimefanya kazi na nimepata chini ya mpangaji. Kama miezi mitatu mfululizo uko chini ya usiku 10 basi tafuta mpangaji wa kudumu, usione aibu.

Umeme je? LUKU si itanimaliza?

Kwa tarifu ya kawaida ya nyumbani elfu kumi inakupa kama uniti 28, mwezi wanaokata kodi ya jengo inapungua kidogo. Hilo linahesabika. Kinachowaumiza watu ni wale waliokuwa kwenye tarifu ya chini, ile ya matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, wanaonunua uniti kwa bei ndogo sana. Mgeni na kiyoyozi chake akikaa siku kumi anakula uniti 50 peke yake, unavuka 75, unahamishiwa tarifu ya juu, na sasa hata friji lako na taa zako unalipia bei mpya. Kama uko huko kwenye tarifu ya chini weka feni nzuri ya ukutani na neti, tangaza chumba kama cha feni, punguza bei. Feni usiku mzima haifiki hata uniti moja.

Na LUKU isiishie usiku kwa mgeni. Mi nikiona zimebaki uniti 15 nanunua, sisubiri ianze kupiga kelele.

Mgonjwa hajaruhusiwa, mgeni anataka kuongeza siku, na mi nimeshaahidi mtu mwingine. Nafanyaje?

Hili swali nalipenda kwa sababu ndo lililonifundisha kazi. Ndugu wa mgonjwa hajui tarehe ya kuondoka na hawezi kujua, daktari akisema Ijumaa inaweza ikawa Jumanne. Zamani nilikuwa nachukua tarehe yake kama ya mtu wa likizo, ikifika nimeshauza siku zinazofuata, nabaki namtazama mama wa watu na ndoo yake na chupa zake za uji mlangoni na sina pa kumpeleka.

Sasa hivi nafanya hivi. Akija wa hospitali nampa siku alizolipia, halafu nafunga siku tatu za mbele kwenye kalenda, hazionekani kwa mtu mwingine. Kila asubuhi ya siku moja kabla ya mwisho namuuliza, dada mmesikiaje huko wodini. Akisema bado, analipia tatu nyingine na mi nafunga tatu nyingine. Akisema wameruhusiwa nafungua kalenda palepale. Napoteza usiku mmoja au miwili kwa mwezi kwa sababu ya kufunga, lakini kwa mtu anayekaa siku kumi na mbili hiyo hasara haionekani. Tena namwambia siku ya kwanza kwamba bei ya kuongeza ni ileile, haipandi hata kama ni wakati wa Sabasaba na mji umejaa.

Na jiko. Uji wa mgonjwa unapikwa alfajiri, saa kumi na moja mtu yuko jikoni. Kama hutaki mtu jikoni kwako saa hizo usichukue wageni wa hospitali, maana huwezi kumkatalia. Mi nilitenga jiko la gesi plate moja, sufuria mbili, chupa ya chai na hotipoti, vyote ni vya wageni, na rafu yao kwenye friji. Ugomvi wa sufuria uliisha siku hiyohiyo.

Hela nipokee vipi nisitapeliwe?

Kwa Airbnb hela inatolewa kama saa 24 baada ya muda wa mgeni kuingia, kwa hiyo usipange kununua mkaa na hela ya mgeni wa leo. Mgeni wa moja kwa moja, aliyeletwa na mgeni mwenzake, analipa kwa simu kabla ya kupewa namba ya mlango.

Utapeli niliouona mara nyingi ni meseji ya uongo. Mtu anakwambia nimetuma, kweli meseji inaingia inaonekana kama ya muamala, imeandikwa 180,000 wakati mlikubaliana 90,000, halafu anapiga simu anaharaka, samahani dada nimekosea zimezidi nirudishie tisini, mgonjwa yuko dharura. Ukirudisha umetoa hela yako mwenyewe. Dawa ni moja tu, usisome meseji, angalia salio. Kwa M-Pesa piga

```
*150*00#
```

ingia kwenye akaunti yako uone salio limepanda au halijapanda. Na hata kama zimeingia kweli zimezidi, mwambie apige huduma kwa wateja wa mtandao wake wazirudishe wao. Mtu mkweli atakubali, tapeli atakata simu.

Na mgeni aliyekupata kupitia jukwaa akikwambia tukutane nje ya jukwaa tukwepe makato, kataa hiyo bukingi ya kwanza. Siyo tu sheria yao, ni kwamba ukitoka nje umepoteza na ile fidia ya uharibifu na rekodi ya mazungumzo yenu.

Namjuaje mgeni ni mtu salama, hasa mi nina watoto ndani?

Huwezi kumjua mtu kwa picha ya profaili. Unaweza kumuuliza. Mi nauliza maswali matatu kwenye meseji kabla sijakubali: mnakuja wangapi na nani, mnakuja kwa shughuli gani, na mtafika saa ngapi kwa usafiri gani. Wala sihitaji majibu marefu, naangalia kama yanakaa pamoja. Mtu wa Moshi anayemleta baba yake kliniki ya moyo atakwambia basi gani na kliniki ni siku gani bila hata kuulizwa. Anayesema tu "nipo mjini nahitaji chumba leo usiku, tuko wawili" na hapendi kuulizwa, namwambia chumba kimejaa.

Akifika naandika kwenye daftari jina kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA au pasipoti, namba, ametoka wapi, tarehe ya kuingia na kutoka, anasaini. Kila mtu mzima anayelala anaandikwa, siyo aliyelipa peke yake. Hapa niwaombe kitu: msipige picha kitambulisho cha mtu mkakitupa kwenye grupu la WhatsApp la jengo "ili wote tujue". Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata kama isingekuwepo, huyo ni mtu amekuja na mgonjwa wake, kitambulisho chake hakina kazi kwenye simu za watu ishirini. Daftari langu linakaa kabatini na funguo.

Sheria ya nyumba yangu ni kwamba binti yangu haingii chumba cha mgeni na mgeni haingii upande wa vyumba vyetu, hata kama ni mama mzuri wa aina gani. Namwambia mgeni siku ya kwanza kwa upole, mbele ya mtoto, ili wote wawili wasikie kitu kimoja.

Milango na funguo niweke zipi?

Mlango wa mgeni uwe na kitasa chenye funguo yake na komeo la ndani. Komeo linamfanya alale, hasa mwanamke aliyekuja peke yake. Mlango wa chumba chako nao ufungwe. Ukimpa mgeni funguo ya mlango mkubwa, usiandike namba ya fleti kwenye kibebeo.

Ila kubwa kuliko yote ni geti la chuma. Majengo yetu ya Upanga yana nondo kila dirisha na geti la chuma mbele ya mlango wa mbao, usiku tunapiga kufuli kwa ndani na funguo inaenda chini ya mto wa mwenye nyumba. Fikiria sasa moto umeanza jikoni saa nane usiku. Mgeni hajui funguo iko wapi, madirisha yote nondo, moshi umejaa korido. Nyumba nzima ni kopo lililofungwa. Sisi tulikuwa hivyohivyo miaka yote na hatukuwahi kuwaza mpaka mgeni mmoja, kijana wa Iringa, aliniuliza siku ya kwanza, dada umeme ukilipuka mi natokea wapi. Sikuwa na jibu.

Nilimuita fundi wa kuchomelea, akatoa kufuli akaweka kitasa cha geti kinachofunguka kwa ndani kwa kuzungusha bila funguo, na akachomelea bati kuzunguka kitasa ili mtu wa nje asipitishe mkono kati ya nondo akazungusha. Kama huna hela ya hiyo sasa hivi, tundika funguo kwenye msumari, hatua mbili kutoka getini, mahali mkono wa nje haufiki, na kila mgeni aonyeshwe akiingia na aishike kwa mkono wake, siyo kuambiwa "ipo pale". Jaribu mwenyewe taa zikiwa zimezimwa. Mi na mama tulijaribu, mara ya kwanza tulichukua karibu dakika nzima kupapasa ukuta, tukahamisha msumari.

Namba ya Zimamoto ni 114, bandika nyuma ya mlango wa mgeni pamoja na jina la mtaa na jina la jengo, kwa sababu mgeni akipiga hatajua kusema yuko wapi.

Gesi na hita ya kuogea?

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini sakafuni, haipandi juu. Kwa hiyo mgeni anaweza kuwa amesimama asinuse vizuri na chini imeshajaa. Kila nikibadilisha mtungi napaka povu la sabuni kwenye regyuleta na mpira, likitoa mapovu yanayokua nafunga naanza upya. Namuonyesha kila mgeni kuwasha jiko, naye anawasha mbele yangu, maana wengi huko kwao wanatumia mkaa na hawasemi, anaona aibu. Nawaambia wakisikia harufu wafunge mtungi, wafungue mlango wa baraza, na wasiguse swichi ya taa, hata kuzima. Na mkaa ndani ya chumba ni marufuku kabisa, hata kama ni wa udi tu na dirisha liko wazi.

Hita ya kuogea ile ya kwenye bomba la shawa, kama ukigusa bomba unasikia kama sindano, zima sasa hivi usisubiri mgeni. Hiyo inamaanisha erthi haipo au imekatika. Muite fundi umeme apime erthi na aweke ile breka inayokata umeme ukivuja, ina kitufe kimeandikwa T. Kila mwezi bonyeza T, umeme ukatike. Usipokatika breka imekufa. Mpaka fundi aje, mgeni wangu anaoga maji ya ndoo niliyochemsha na nampunguzia bei.

Naweza kuweka kamera?

Ndani hapana. Airbnb imekataza kamera zote za ndani tangu 30 Aprili 2024, hata sebuleni na hata kama umeitangaza. Nje mlangoni inaruhusiwa ukimwambia mgeni kabla hajalipa, ila kwenye korido ya jengo ile siyo yako peke yako, inamchukua na jirani akitoka na kanga yake kutupa taka. Mi sina, nina mlinzi na daftari.

Majirani wanalalamika. Nifanyeje?

Kwanza jiulize wanalalamikia nini hasa, maana mara nyingi wanachosema sicho. Kwenye jengo letu kikao kilikaa na neno lilikuwa "usalama", watu wasiojulikana wanapanda ngazi. Nikakubali, nikaahidi daftari, lakini minong'ono haikuisha. Ni bibi wa ghorofa ya pili ndo alinifungua macho. Nilienda kumsalimia, nikapiga shikamoo, nikakaa, akaniambia, mwanangu mi sina shida na wageni wako, shida yangu maji.

Na kweli. Jengo letu lina simtanki mbili juu, pampu inapandisha maji asubuhi na jioni, na bili ya DAWASA na umeme wa pampu tunagawana sawasawa kila fleti. Bibi anaishi peke yake, anaoga ndoo moja. Mimi nina watu watatu na wageni watatu, tunafua mashuka, na analipa sawa na mimi. Alikuwa anawalipia wageni wangu kuoga na mimi napokea hela. Nani angenyamaza?

Ndo hiyo 20,000 uliyoiona kwenye hesabu. Natoa kila mwezi zaidi ya mgao wangu, naipeleka kwa mhazini wa jengo, inaandikwa, natoa hata mwezi ambao sikupata mgeni. Tangu nimeanza hakuna kikao kingine kilichonijadili. Pia mashuka ya wageni siyaanikii tena kwenye kamba za juu Jumamosi, siku ambayo wote wanafua, yanaenda kwa dobi.

Jambo la pili ni usiku. Ndege nyingi za nje zinatua usiku, mgeni anafika saa tisa, anaburuta begi la magurudumu ngazi kwa ngazi ghorofa tatu, halafu anagonga mlango usio wenyewe. Hilo limenitokea. Mgeni wangu alibonyeza kengele ya ghorofa ya pili saa tisa na nusu usiku, akaibonyeza tena na tena kwa sababu aliona taa inawaka. Bibi aliamka akidhani ameletewa habari ya msiba. Asubuhi niliteremka na mama yangu, hatukupiga simu, tukamwomba radhi, nilimkuta bado presha imempanda na mkono unatetemeka kwenye kikombe. Sitaki kuona hicho kitu tena.

Toka siku ile mgeni wa usiku anapokelewa chini getini na mimi mwenyewe au na mlinzi ambaye nimempa jina lake jioni na buku tano ya kubeba begi, begi linabebwa haliburutwi. Mlango wangu una namba kubwa na mkeka wa rangi nyekundu, na picha yake nawatumia. Kama atafika baada ya saa sita usiku na hakuna wa kumpokea chini, namwambia achukue gesti usiku huo aje asubuhi, hata kama nakosa hiyo 45,000.

Namba yangu kila jirani anayo, na nimewaambia wanipigie saa yoyote badala ya kumgongea mgeni. Wakipiga napokea. Ukiacha kupokea mara moja tu, ya pili wanampigia mwenyekiti.

Mgeni wangu analeta wageni wake, ni sawa?

Mchana sebuleni, mmoja au wawili, ndugu wanakuja kumpa pole, siwezi kuzuia hilo na wala sitaki. Kulala hapana, mpaka aandikwe daftarini na alipiwe.

Kitu kikivunjika?

Piga picha za chumba kila mgeni anapoingia na anapotoka, kona zilezile. Kupitia Airbnb una siku 14 tangu mgeni atoke kupeleka madai, na bila picha ya kabla na risiti madai yako ni maneno tu. Glasi na vijiko sidai, ndo ile 2,000 ya kila usiku.

Mgonjwa mwenyewe akitaka kulala kwangu badala ya ndugu zake?

Nauliza anaweza kupanda ngazi 54 bila kushikwa, maana nimezihesabu. Kliniki ya macho au anayesubiri majibu tu, karibu sana. Aliyetoka kufanyiwa upasuaji, mwenye oksijeni, au anayekohoa na bado hajapimwa, namwambia ukweli kwamba nyumba yangu haina lifti, ina mzee na mtoto, na choo kimoja, na gari la wagonjwa likija usiku machela haikati kona ya ngazi zetu. Nina namba za gesti mbili za mtaa huuhuu zenye vyumba vya chini, nawapigia mimi mwenyewe kuuliza nafasi, na ndugu yake anakuja kupikia uji kwangu kama kawaida.